Jengo la watu 63 lililogeuka mteja mmoja: uchambuzi wa kisa cha anwani zinazofanana

Jumatatu asubuhi dada wa huduma kwa wateja akanipigia, hata salamu hajamaliza anauliza, "Kaka, mbona jengo zima limekuwa mtu mmoja?" Sikumwelewa. Nikafungua databesi nikatafuta jengo lenyewe, Barabara ya Bandari namba 14, na kweli, pale ambapo Ijumaa palikuwa na wateja 63 sasa yupo mmoja tu, ana historia ya vifurushi vya watu 63, namba za simu 58, na jina la mzee mmoja wa ghorofa ya 5 ambaye masikini hajui hata kinachoendelea. Kazi yangu hiyo. Programu ya kuunganisha rekodi za mteja mmoja zilizojirudia niliiendesha mwenyewe Ijumaa jioni, nikaona idadi ya marudio imeshuka vizuri, nikazima kompyuta nikaenda zangu.

Bakapu ya Ijumaa mchana ilikuwepo kwa hiyo tulirudisha kila kitu ndani ya masaa mawili, ila kosa lenyewe lilinichukua wiki kadhaa kulielewa hadi mwisho, na nilivyolifuatilia nikakuta si kosa moja, ni matatu yamepandana, na kila moja lilianza kama dawa ya tatizo lililotangulia. Majina ya barabara na namba nimebadilisha, mengine ndo yalivyokuwa.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni inapeleka vifurushi, ina rekodi za wateja 41,200 zilizokusanywa kwa njia tatu: fomu za karatasi ambazo makarani walizichapa, programu ya simu ambayo mteja anajiandikia mwenyewe, na faili la zamani la Excel lililorithiwa kutoka kwa biashara nyingine. Anwani inakaa kwenye safu moja, kila mtu anaandika apendavyo. Ukichungulia jengo moja tu unakutana na vitu kama hivi:

```
Nyumba Na. 14, Barabara ya Bandari, Ghorofa 2
brb bandari 14 gh.2
GH 2, BANDARI RD, NO 14
Bandali 14/2 karibu na msikiti
Barabara ya Bandari 14
```

Mtu yeyote akisoma anaona minne ya kwanza ni pale pale. Wa tano humjui, anaweza kuwa yupo ghorofa yoyote. Mkumbuke huyo wa tano, ndo mchawi wa kisa hiki.

Jaribio langu la kwanza kabisa lilikuwa umbali wa Levenshtein, kile kipimo cha mwaka 1965 kinachohesabu ni herufi ngapi uongeze, ufute au ubadilishe ili andiko moja liwe jingine. Nilikiacha ndani ya siku moja lakini inafaa kuona kwa nini. Chukua anwani ya kwanza pale juu, ina herufi 45 ukihesabu nafasi na alama. Badili 14 iwe 15. Umebadili herufi moja, kufanana ni 44 kwa 45, karibu asilimia 98, na hiyo ni nyumba nyingine kabisa. Sasa ilinganishe na ile ya pili, "brb bandari 14 gh.2", yenye herufi 19. Kutoka 19 kufika 45 lazima uongeze angalau 26, kwa hiyo kufanana hakuwezi kuzidi asilimia 42 hata ufanyeje, wakati ni mlango ule ule. Yani kwa kipimo hiki jirani yangu ni mimi zaidi kuliko mimi mwenyewe nikiandika kwa haraka. Na hakuna kizingiti kitakachokuokoa hapo, ukikiweka juu unamkosa wa pili, ukikishusha unambeba jirani.

Nikasema basi tatizo ni mpangilio, tupange maneno kwanza kwa alfabeti ndo tulinganishe. Kwenye maktaba ya `rapidfuzz` hiyo ipo tayari, inaitwa `token_sort_ratio`, na upande wa PostgreSQL kuna `pg_trgm` ambayo inakata kila neno vipande vya herufi tatu tatu kisha inaangalia vipande vingapi ni vya pamoja kati ya vyote. Mfano "bandari" na "bandary" kila moja lina vipande 8 ukihesabu na nafasi za mwanzo na mwisho wa neno, 6 ni vya pamoja, vyote tofauti ni 10, unapata 0.6. Kizuri ni kwamba mpangilio wa maneno hausumbui tena. Nilifurahi sana. Sikujiuliza swali moja dogo: hivi mpangilio haukuwa na kazi yoyote pale?

Ulikuwa nayo. Jaribu hii mwenyewe:

```sql
SELECT similarity('nyumba 14 ghorofa 2',
                  'nyumba 2 ghorofa 14');
```

Jibu ni 1. Sawasawa kabisa, manake maneno ni yale yale manne na vipande vyake ni vile vile. `token_sort_ratio` nayo inakupa 100. Kilichokuwa kinasema namba ipi ni ya nyumba na ipi ni ya ghorofa ni jirani yake wa kushoto, na sisi tumeshawatenganisha majirani.

Halafu nikaongeza dawa ya pili. Anwani fupi zilikuwa zinapata alama ndogo zikikutana na ndefu, wale wa "karibu na msikiti" na "nyuma ya shule geti la bluu" wanaandika hadithi nzima, kwa hiyo nikahamia `token_set_ratio`, ambayo haiadhibu maneno ya ziada. Tena haiadhibu kabisa: kama maneno yote ya andiko moja yamo ndani ya jingine, unapata 100, basi. Sasa weka yule wetu wa tano, "Barabara ya Bandari 14". Maneno yake yote yamo ndani ya anwani kamili ya kila mkazi wa jengo lile. Anapata 100 na kila mtu. Kizingiti nilikuwa nimekiweka 90.

Ijumaa ile ndo mchanganyiko huo uliendeshwa. Baada ya bakapu kurudi nilifanya kitu ambacho ningekifanya Ijumaa simu ile isingepigwa, niliyapanga makundi yaliyopendekezwa kuanzia kubwa:

```sql
SELECT kundi,
       count(*) AS rekodi,
       count(DISTINCT simu) AS simu
FROM mapendekezo
GROUP BY kundi
ORDER BY rekodi DESC
LIMIT 20;
```

Inachukua sekunde kadhaa. Kundi la kwanza rekodi 63 na simu 58. Marudio ya kweli hayana sura hiyo, mtu mmoja aliyejiandikisha mara nyingi anakuwa na rekodi mbili, tatu, akizidi sana tano, na simu moja au mbili. Kundi lenye watu wengi na simu karibu sawa na idadi ya watu ni jengo, au shule, au ofisi. Na lilikuwa si peke yake, makundi 20 ya juu yote yalikuwa ya namna hiyo.

Nikaanza upya, safari hii kwa sheria moja: namba si tahajia. Mtu akikosea herufi katika neno bado unaelewa alitaka kusema nini, Bandari, Bandali, Bandary, zote unazijua. Akikosea tarakimu hujui, na huna haki ya kukisia, 14 na 15 hazikaribiani, ni milango miwili. Kwa hiyo namba zitolewe kwenye andiko kabla ya kipimo chochote cha kufanana, kila moja iwekwe kwenye chumba chake: bloku, nyumba, ghorofa, fleti, na zilinganishwe kwa usawa tu. Maneno yanayobaki ndo yapimwe kwa ulegevu.

Kuzitoa ndo kazi, na hapa nilikula muda kuliko sehemu nyingine zote. Nilianza kwa kuhesabu kila neno linatokea mara ngapi kwenye rekodi zote, nikakaa na listi ya maneno 200 ya juu nikisoma kwa macho moja moja. Nakushauri uanzie hapo kabla hujaandika sheria yoyote, manake vifupisho vya watu huwezi kuvibuni kichwani, ghorofa peke yake tulikuta imeandikwa gh, ghr, grf, gorofa, golofa, flr na "ya 2 juu".

Shida ya kwanza ilikuwa "na". Ukiondoa nukta, "Na. 14" inakuwa "na 14", na hiyo "na" ya namba inafanana na "na" ya "karibu na msikiti". Sheria yangu ya mwanzo ilisema "na" ni namba, ikawa inatafuta tarakimu baada ya "karibu na" hadi inazoa ya mbali, mtu kaandika "karibu na shule, gh 3" akapewa nyumba namba 3. Tukasahihisha: "na" ni namba pale tu neno linalofuata ni tarakimu, vinginevyo ni kiunganishi na inatupwa pamoja na ya, wa, la.

Ya pili ilikuwa "Mt." Nilifungua kila "mt" iwe "mtaa" na nikaridhika, hadi mwenzangu mmoja anayepitia orodha akacheka, akaniita, "Bwana, njoo uone, huyu mtakatifu umemfanya barabara." Kweli, "Mt. Petro" ilikuwa imegeuka "mtaa petro". Kwa bahati mbaya kuna mitaa inayoitwa majina ya watakatifu, kwa hiyo hata "Mt. Mt. Petro" ipo na mwandishi hajakosea. Tuliacha kuifungua kabisa, "mt" tukaichukulia kama neno lisilo na uzito, inatupwa kama "ya". Ukikosa uhakika wa kifupisho ni heri ukitupe kuliko kukifungua vibaya, kikishafunguliwa vibaya kinaingia kwenye hesabu kikiwa na sura ya ukweli.

Ya tatu, herufi zilizogandana na tarakimu. "gh2" lazima ikatwe iwe "gh 2", lakini "14b" isikatwe manake 14b ni nyumba tofauti na 14a, na mwingine anaiandika "14 B" kwa nafasi. Msimbo wake ulibaki mfupi:

```python
import re, unicodedata

def safisha(s):
    s = unicodedata.normalize("NFKC", s).lower()
    s = re.sub(r"[^a-z0-9/]+", " ", s)
    s = re.sub(r"([a-z])(\d)", r"\1 \2", s)       # gh2 -> gh 2
    s = re.sub(r"\b(\d+) ([a-d])\b", r"\1\2", s)  # 14 b -> 14b
    return s.split()
```

Ule mstari wa `normalize` upo kwa ajili ya herufi zinazodanganya macho, hasa ile nafasi isiyovunjika inayokuja mtu akinakili anwani kutoka kwenye ukurasa wa wavuti, kwenye skrini ni nafasi ya kawaida ila kompyuta inakataa kwamba maandishi mawili ni sawa na wewe unabaki unakodoa macho. Na mstari wa nne una kasoro yake, "gh 2 b 14" ya mtu aliyemaanisha bloku B nyumba 14 inageuka "2b". Tulizikuta chache tukazirekebisha kwa mkono, sikutaka kuandika sheria ya tano kwa ajili ya watu wachache.

Faili la Excel lilikuja na kituko chake. Lilikuwa na safu ya peke yake ya namba ya nyumba, na mtu aliyeandika 3/4 kwenye seli Excel ilimgeuzia ikawa tarehe, kwa hiyo tukawa na wateja wanaoishi "03-Apr". Usirudishe kwa kukisia. Kompyuta iliyowekwa mwezi mbele ingesoma 3/4 ile ile kuwa tarehe 4 Machi, kwa hiyo inabidi kwanza ujue faili lilichapwa kwenye mpangilio upi. Sisi tulijua manake rekodi kadhaa zilikuwa na simu iliyokuwepo pia kwenye fomu za karatasi, tukalinganisha.

Zile zilizobaki bila lebo, kama "14/2", tuliziachia data yenyewe iseme. Unaangalia anwani zenye lebo kamili za barabara ile ile: je, kuna mtu yeyote aliyeandika wazi nyumba 14 ghorofa 2? Je, kuna aliyeandika nyumba 2 ghorofa 14? Kama upo usomaji mmoja tu unaukubali, kama yote miwili ipo au hakuna hata mmoja, rekodi inaenda kwa binadamu. Kwa Bandari ilikuwa rahisi, nyumba namba 2 ni kibanda kisicho na ghorofa.

Baada ya hapo ulinganishaji wa namba ulikuwa na majibu matatu. Siyo mawili.

```python
def jibu(a, b):
    pengo = False
    for k in ("bloku", "nyumba", "ghorofa", "fleti"):
        x, y = a.get(k), b.get(k)
        if x and y and x != y:
            return "hapana"
        if bool(x) != bool(y):
            pengo = True
    return "labda" if pengo else "sawa"
```

Namba zikigongana ni hapana, hata maneno yafanane vipi. Moja ikiwa haipo ni labda, manake kukosekana si kupingana lakini pia si kukubaliana. Wazo la kuacha eneo la katikati kwa ajili ya macho ya mtu si langu, Ivan Fellegi na Alan Sunter waliliweka kihesabu mwaka 1969 walipoandika nadharia ya kuunganisha rekodi, na mimi nililipuuza Ijumaa ile kwa sababu bosi alitaka namba moja ya kuripoti.

Nikaendesha kwenye nakala ya majaribio nikiwa na uhakika kabisa. Ghorofa 2 na ghorofa 5 sasa haziwezi kukutana, nimeshapiga marufuku. Nikafungua makundi makubwa. Kundi la kwanza: rekodi 63.

Hapo nilikaa kimya kidogo, nikaenda kutafuta chai.

Kumbe jozi zote zilikuwa halali, kilichoharibu ni kuzijumlisha. Nilikuwa nimeachia "labda" yenye maneno yanayofanana sana ipite kama "sawa", kisha ninaunganisha kwa mnyororo: A ni sawa na B, B ni sawa na C, basi wote kundi moja. Sasa mweke yule wa tano katikati. "Bandari 14" hana ghorofa, kwa hiyo hagongani na ghorofa 2, wala hagongani na ghorofa 5. Ghorofa 2 na ghorofa 5 hawajawahi kulinganishwa wakasemwa ni sawa, wamekataliwa kabisa, lakini wote wameshikana mkono na huyo asiye na ghorofa na mnyororo umewafunga pamoja. Rekodi moja yenye pengo inatosha kumeza jengo. Jengo lile lilikuwa nazo nne.

Ukitaka kujua kama unaumwa ugonjwa huu, chukua kila kundi, angalia ndani yake kama kuna jozi yoyote ambayo kazi yako ya `jibu` inaiita "hapana". Kundi zima halipaswi kuwa nayo hata moja. Yangu yalikuwa nayo kwa mamia.

Dawa ya kwanza iliyonijia ni kuweka mlinzi: kila kundi linakumbuka namba zake, na kabla ya kuunganisha mawili unauliza kama vyumba vyao vinagongana, vikigongana unakataa. Hiyo inazuia jengo kumezwa ila inaleta dhuluma ya kimya, manake yule wa tano ataungana na yeyote aliyetangulia kwenye foleni, ukibadili mpangilio wa rekodi anahamia kwa mtu mwingine. Niliendesha mara mbili kwa mpangilio tofauti nikapata majibu tofauti, na programu inayotoa jibu tofauti kwa data ile ile hutaki kuiweka mbele ya mteja.

Tuliyoishia nayo ni raundi mbili. Raundi ya kwanza wanaingia wenye "sawa" peke yake, hao wanaunda makundi imara. Raundi ya pili wanakuja wenye mapengo, na mwenye pengo anapokelewa tu kama kuna kundi moja, moja tu, ambalo hagongani nalo na jina la mteja au simu vinakubali. Makundi yakiwa mawili au zaidi anabaki peke yake, anaandikiwa kwamba jengo lake linajulikana na mlango wake haujulikani. Wa tano wetu yupo hapo mpaka leo.

Upande wa maneno haukusumbua kiasi hicho. Kosa la mara kwa mara lilikuwa r na l, likifuatiwa na h zinazopotea, dh kuwa z, na "mu" badala ya "mw", kama Muembeni kwa Mwembeni. Kuna waliopendekeza Soundex, ile njia iliyopewa hataza mwaka 1918 kwa majina ya Kiingereza, nikaijaribu kuwaridhisha: Bandari inatoka B536 na Bandali inatoka B534, manake kwake r na l ni familia mbili tofauti. Haifai kwetu. Tukatengeneza ufunguo wetu, l zote ziwe r, mu mbele ya irabu iwe mw, dh iwe z, h iliyo peke yake iondoke, herufi pacha zibaki moja. Ila ufunguo huo ni mlegevu mno kuamua, Mlima na Mrima zinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo tuliutumia kutafuta wa kulinganisha tu na uamuzi ukabaki kwa vipande vya herufi tatu.

Hiyo ya kutafuta wa kulinganisha ni lazima. Rekodi 41,200 kila moja na kila nyingine ni jozi 848,699,400, na nyingi ni upuuzi, mtu wa Bandari na mtu wa Mwembeni. Unagawa mafungu kwa ufunguo wa neno adimu kuliko yote kwenye anwani na unalinganisha ndani ya fungu tu. Barabara ya Bandari ilikuwa na rekodi 3,100, fungu hilo peke yake ni jozi milioni 4.8, tukaligawa tena kwa namba ya nyumba, na wasio na namba ya nyumba wakaruhusiwa kuingia mafungu yote ya barabara yao ili wasipotee kimya kimya. Kosa la kugawa mafungu ni baya kwa sababu halionekani, jozi ambayo haikulinganishwa haipo kwenye ripoti yoyote.

Uadimu huo huo tuliutumia kwenye alama. Watu wawili kukubaliana kwamba wanaishi Bandari si habari kubwa, watu 3,100 wanaishi huko. Wakikubaliana kwenye kichochoro chenye rekodi 40 ni habari. Ukichukua logi ya msingi wa 2 ya 41,200 gawanya kwa 3,100 unapata kama 3.7, kwa kichochoro unapata kama 10, na neno "barabara" lenyewe linakaribia sifuri. Hilo tu liliondoa jozi nyingi za bandia zilizokuwa zinapanda kwa sababu ya maneno yasiyosema kitu.

Kabla ya kuunganisha chochote tuliokota jozi 300 kwa bahati nasibu, 100 ambazo mashine ilisema sawa, 100 za labda, 100 za hapana zilizokaribia mpaka, tukawapa watu wawili wazipime kila mtu peke yake bila kuona jibu la mashine. Kwenye "sawa" mashine ilikosea 1. Kwenye "hapana" ilikosea 6, karibu zote tarakimu iliyochapwa vibaya na karani, na hizo nilizikubali, kumwachia mtu rekodi mbili ni usumbufu mdogo kuliko kumpa kifurushi cha mwenzake. Kilichonishangaza ni kwamba wale watu wawili wenyewe walitofautiana kwenye jozi 11, zote za labda. Tulipowakalisha pamoja mmoja akasema, "Mimi nilikuwa naangalia kama ni nyumba moja," mwingine akajibu, "Kumbe! Mimi naangalia kama ni mtu mmoja." Walikuwa wanajibu maswali mawili.

Na mimi pia, tangu mwanzo. Baba na mtoto wake wanaandika anwani ile ile herufi kwa herufi na ni wateja wawili, ghorofa ya 2 ina fleti nne na watu hawaandiki fleti. Tukagawa jedwali: moja la mahali, jingine la wateja, mteja anaelekeza kwenye mahali. Kulinganisha anwani kunaamua mahali tu, na mahali pawili pakiunganishwa hakuna jina la mtu linalofutwa. Kuunganisha wateja kunahitaji mahali pamoja na simu au jina. Andiko la asili la anwani linabaki kama lilivyoandikwa, halisafishwi kamwe, na kila muunganiko una mstari kwenye jedwali la kumbukumbu unaosema rekodi ipi iliingia wapi, lini, kwa sheria ipi, ili uweze kutenguliwa mmoja mmoja bila kurudisha bakapu nzima.

Ijumaa ile ya kwanza rekodi zilishuka kutoka 41,200 hadi 33,900 na bosi alipiga makofi. Safari hii zilishuka hadi 38,450, na akauliza mbona tumerudi nyuma. Nikamfungulia Bandari 14 kwenye skrini, mahali pamoja pa jengo, milango yake chini, wateja 59 manake wanne kati ya 63 walikuwa marudio ya kweli. Akasoma majina hadi chini, akamkuta yule mzee wa ghorofa ya 5 akiwa na vifurushi vyake vitatu tu. Jozi za labda zilibaki 1,140, dada wa huduma kwa wateja ndo anazimaliza taratibu, mteja akipiga simu kwa shida yoyote anamuuliza na namba ya mlango.